Mtoto anavimba mikono, nyumbani wanataka kwenda kwa mganga "anayetaja"

"Shikamoo mama. Mtoto wa kaka yangu ana mwaka na miezi miwili, anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha. Mkubwa wake alifariki mwaka juzi kwa mambo kama hayo hayo. Nyumbani Maswa walishaenda kwa mganga, mtoto akavalishwa hirizi na kuchanjwa chale, haikusaidia, sasa wanachanga pesa waende kwa mwingine wanasema huyu anataja. Wote wanamwangalia bibi yetu mdogo, ni mjane, macho mekundu, anaishi peke yake. Mchungaji wa mama anasema hirizi ichomwe tufunge siku 3, shemeji yangu Muislamu anasema mtoto asomewe. Mimi nipo Mwanza. Niwaambie uchawi haupo? Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, usiwaambie uchawi haupo. Sio kwasababu nataka ubishane au usibishane, ila ukifungua kikao kwa sentensi hiyo kikao kimekwisha, watasema huyu kasoma kajisahau, wataendelea na safari yao na safari hii hawatakwambia siku ya kwenda. Na wewe unahitaji kujua siku ya kwenda. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kanda ya ziwa miaka 20 na kitu kabla sijastaafu, na sijawahi kuona familia iliyoacha kuamini kwa kushindwa hoja. Nimeona nyingi tu zilizoacha kwenda kutafuta jina. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na hapo ndipo nataka tukae.

Watu wakisema "mambo ya waganga" wanachanganya kinga na ramli. Kinga ni ile hirizi aliyovaa mtoto, kitambaa cheusi kimeshonwa kidogo kama kokwa la embe dodo likikauka, ndani kuna unga wa mizizi au karatasi imeandikwa, kamba kiunoni au mkononi. Kinga ni dawa iliyofukiwa mlangoni, kuzindika nyumba, kwa Kisukuma utasikia lukago. Kinga inasema tu, kuna ubaya huko nje, sisi tumefunga mlango. Haina jina la mtu. Ramli inasema ubaya ni fulani. Familia inaweza kukaa na hirizi miaka 30 na isimdhuru jirani yeyote, mama yangu mzazi alikuwa anatuvalisha wote na alikuwa mwimbaji wa kwaya, lakini siku jina likishatajwa mbele ya watu 6 halirudi mdomoni. Kwahiyo kwenye hayo yote uliyoniandikia, kinachonitisha mimi ni neno moja tu, "anataja".

Nikueleze inavyokwenda huko ili ujue unazuia nini. Kwa Wasukuma ramli ya zamani ni ya kuku, unakwenda na kuku mchanga, anashikwa na wenye shida, anatemewa mate, anachinjwa na kupasuliwa halafu mganga anasoma alama kwenye mifupa na matumbo, upande huu ukoo wa baba upande huu wa mama. Wengine wanatumia kioo, kibuyu, maji kwenye beseni, siku hizi wengine wanaangalia hadi kwenye simu. Mimi nimekaa kwenye hizo shughuli mara 3, kikazi, na ukikaa kimya ukasikiliza utagundua mganga hasemi jina. Anasema, namuona mama mtu mzima. Wanamwitikia. Anaishi upande jua linapozama. Kimya, hapo hawaitikii. Sio mbali sana lakini, kuna njia imepita karibu. Ee! wanaitikia. Mliwahi kukwaruzana naye kidogo, ni kitu kidogo tu, chakula au mfugo. Hapo utamsikia shangazi mmoja anaguna, "si siku ile ya mbuzi". Basi. Jina linatoka kwa ndugu wenyewe, mganga kazi yake ilikuwa kusubiri. Ndio maana watu wakirudi wanaapa kwamba hawakumwambia kitu na yeye kajua kila kitu. Na ndio maana nakwambia kama familia imeenda na mtu tayari kichwani, itarudi na huyo huyo. Bibi yako ameshatajwa mwanangu, bado kuthibitishwa tu.

Hiyo ndio inaitwa ramli chonganishi, na serikali ilishaipiga marufuku waziwazi, Januari 2015 wakati wa mauaji ya wenzetu wenye ualbino ilitangazwa nchi nzima. Mganga wa tiba asili anatakiwa asajiliwe kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya 2002, na usajili ule ni wa kutibu, haumpi ruhusa ya kutaja watu. Pia kuna Sheria ya Uchawi, ya tangu mkoloni, 1928, hadi leo ipo. Watu wanadhani sheria hiyo ipo kwa ajili ya kumfunga bibi mchawi. Ukweli inakata pande zote, anayejidai ana uwezo huo ana kosa, na anayemsingizia mtu uchawi huko mitaani bila kupeleka kwa mamlaka naye ana kosa. Ina kipengele kimoja sikipendi, mkuu wa wilaya anaweza kuamuru mtu anayetuhumiwa ahamie sehemu nyingine, yaani anayehama ni yule yule anayeonewa, lakini nimekutana na wakuu wa wilaya walioitumia kumtoa bibi salama kabla hajafikiwa, kwahiyo wacha nisiiseme sana.

Sasa mtoto. Hili ndio la kufanya kesho, sio wiki ijayo.

Mimi sio daktari na hakuna daktari atakayekwambia ugonjwa kwa maandishi, lakini mtoto wa mwaka mmoja, kanda ya ziwa, vidole vya mikono na miguu vinavimba vyote na kuuma, ndugu yake alifariki mdogo, kila nesi wa hospitali ya Bugando hapo Mwanza akisikia hayo atataka kipimo kimoja kwanza, cha seli mundu. Inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka Tanzania na ukanda wenu ni moja ya sehemu zenye wengi zaidi. Ni ugonjwa wa damu, chembe nyekundu ambazo kawaida ni za mviringo zinakunjamana zinakuwa kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na kwa mtoto mchanga mishipa midogo inayoziba mapema ni ya vidole. Ndio huo uvimbe.

Na hapa nataka usome taratibu kwasababu ndipo uchawi unapoingilia. Mtoto akizaliwa anakuwa bado na damu ile ya tumboni kwa mama, ile haikunjiki, kwahiyo miezi 5 au 6 ya mwanzo anakuwa mzima kabisa, mnene, anacheka, kila mgeni anambeba anasema jamani huyu mtoto mzuri. Damu ya tumboni ikiisha ndio anaanza. Angalia sasa familia inachokiona, mtoto alikuwa mzima, akaja fulani akamsifia akambeba, wiki mbili baadaye kavimba mikono. Mikono, ile ile aliyoshikwa! Miguu, basi kakanyaga kitu, kategewa. Na usiku anazidi. Nikisikiliza hivyo hata mimi naona uchawi umekaa vizuri kuliko maelezo ya dokta. Halafu mtoto wa kwanza alikufa, wa pili mzima, wa tatu anaumwa, familia inasema anachagua. Hachagui mtu. Kama baba na mama wote wawili wamebeba kile kipande cha kurithi cha ugonjwa huu bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa, na kila mimba ni kama kurusha upya, haijali ya nyuma ilikuwaje.

Hospitali inajibu swali la nini, na ndugu zako wanauliza nani, na kwa nini sisi. Ukiwapa jibu la nini peke yake watalikubali na bado wataenda kwa mganga, nimeona mtu ana karatasi ya maabara mfukoni na kuku mkononi. Kwahiyo usimwachie nesi aseme "ni seli mundu" akaita mgonjwa mwingine. Ingia na kaka yako na wifi yako WOTE WAWILI, mwombe dokta au nesi wa kliniki hiyo awaeleze kwa nini alikuwa mzima miezi 6 halafu akaanza, na kwa nini huyu na sio yule. Hayo maswali mawili yakijibiwa mbele ya baba mtu, nguvu ya safari inapungua sana. Wakipimwa na wao wazazi wajue wamebeba inakuwa bora zaidi, kwasababu nakuonya, ukisema "ni wa kurithi" bila kuwapima wote, kesho watasema damu ya kina wifi ndio mbaya na utakuwa umemtoa bibi umemweka mama wa mtoto pale pale. Anayebeba upande mmoja tu hapati mtoto mgonjwa, lazima wawe wawili. Na waambie pia kwamba kubeba kipande kimoja kunamkinga mtu na malaria kali, ndio maana kimejaa huku kwenye mbu wengi, sio laana ya ukoo wowote.

Kipimo cha kwanza ni tone la damu tu na majibu yanatoka siku hiyo hiyo, hospitali ya wilaya wanaweza, cha kuthibitisha ndio wakati mwingine sampuli inapelekwa mbali kidogo. Akionekana anayo anaanzishiwa penisilini ya kila siku mpaka afike miaka 5, foliki, kinga ya malaria, chanjo zote, na kuna dawa ya haidroksiyurea inayopunguza sana hizo siku za maumivu. Mpaka mfike huko, anyonye na anywe maji mengi, afunikwe asipigwe baridi, wasimkande kwa barafu wala kumbana mikono kwa kitambaa, dawa ya maumivu ya watoto kwa uzito wake. Akipata homa ya 38.5 au zaidi, akahema kwa shida, akawa mweupe kwenye viganja na midomo ghafla, au tumbo likajaa upande wa kushoto, hapo msisubiri asubuhi, pandeni hata bodaboda. Homa kwa mtoto wa seli mundu sio homa ya kuzoeleka.

Sasa kuhusu chale na dawa za kunywa niwe mkali kidogo, maana hirizi naiacha ila hizi siziachi. Wembe uliochanja watoto wengine unaleta homa ya ini na virusi vya ukimwi, na huyu kama ana seli mundu bandama lake halimlindi vizuri, kidonda kidogo kinaweza kuingiza vijidudu kwenye damu. Dawa ya mizizi ya kunywa kwa mtoto wa mwaka mmoja hakuna anayejua kipimo chake. Mwombe wifi yako kitu kimoja, asichanjwe tena na asinyweshwe. Hirizi ibaki. Angalia tu kamba isibane mkono unaovimba, wasogeze kiunoni.

Najua mchungaji anasema ichomwe. Ngoja tufike kwake.

Viongozi wa dini kwenye haya mambo nimewaona wa aina nyingi, siwezi kuwaweka kwenye kapu moja. Mchungaji wa mama yako anasema kweli ya imani yake, Kumbukumbu la Torati sura ya 18 imekataza mambo ya ramli na waganga waziwazi, na mimi kama Mkristo sina ubishi. Tatizo ni nani ataumia akichoma. Hirizi imevalishwa na upande wa baba, kaka yako kailipia. Ikichomwa jumapili mbele ya kanisa na mtoto akazidiwa jumatano, itasemwa ni mama yako na kanisa lake walioondoa kinga, na hapo mtatafuta jina kwa kasi zaidi. Na mtoto mwenye huo ugonjwa atazidiwa tu jumatano moja, hiyo ni uhakika. Mwambie mchungaji kwa heshima, baba mchungaji, mtoto akishapimwa akaanza dawa, wazazi wake wenyewe ndio wataivua, naomba wewe usiiguse sasa hivi. Wengi wanaelewa ukiwaeleza hivyo. Kufunga siku 3, wafunge watu wazima, mama anayenyonyesha asifunge na mtoto asizuiwe chakula wala maji wala dawa kwa ajili ya mfungo. Hilo mwambie bila kumung'unya.

Kuhusu shemeji yako, mtoto kusomewa hakuna shida, Ayatul Kursiyu, sura ya Falaq na ya Nas, mtu anaweka mkono anasoma anaomba, haina wembe haina jina la mtu, mtoto anaweza hata kulala kwa sauti ile. Masheikh wenyewe wengi wanakataza hirizi, kuna hadithi kwamba aliyetundika hirizi ameshirikisha, wengine wanaruhusu ikiwa ni aya tupu, huo ni mjadala wao wa siku nyingi. Na hadithi ya kwamba anayemwendea mpiga ramli hazipokelewi swala zake siku 40 shemeji yako anaijua, mwombe aiseme yeye kwenye kikao, itakaa vizuri kuliko wewe kusema sheria.

Ila kuna kitu kimoja cha kuangalia kwa wote wawili, mchungaji na anayesoma. Anataja? Kuna ukombozi wa siku hizi, mtu anaitwa nabii, anamshika mama kichwa anasema "naona mwanamke wa ukoo wa baba, amekalia uzazi wako". Na kuna wasomaji wanaomsomea mgonjwa mpaka "jini" linaongea halafu wanaliuliza jini, nani kakutuma? Hiyo ni ramli ile ile, imevaa suti au imevaa kanzu. Na inakuwa mbaya zaidi kwasababu mganga watu wanamshuku kidogo, huyu wanamwamini kabisa. Ukisikia hivyo mtoe mtoto hapo kwa adabu, sema anataka kunyonya.

Nilifanya kazi na mchungaji mmoja wa kijijini miaka ya nyuma huko Shinyanga, mzee wa watu hana hata baiskeli nzuri. Kulikuwa na familia imefiwa watoto wawili, bibi mmoja kashatajwa, na watu walimfuata mchungaji awape baraka kwamba neno linasema "usimwache mwanamke mchawi kuishi", Kutoka 22. Mzee akawafungulia Wagalatia 5 akawasomea polepole, ibada ya sanamu, uchawi, uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, akafunga akasema mimi naona hapa uchawi na fitina wamelala kitanda kimoja, nani kati yenu hana la pili? Hakuwaambia uchawi haupo. Halafu jumapili ile akaenda kula kwa bibi yule, mchana kweupe, akakaa nje kwenye kigoda watu wakipita wanaona, akala ugali na mlenda wake akamaliza. Kula kwa mtu anayetuhumiwa, kama umekulia huku unajua hicho ni kitu gani. Ile familia haikumpenda bibi hata kidogo baada ya hapo ila mambo yakapoa mwezi mzima, na mwezi huo ndio tuliupata wa kumpeleka mtoto wa tatu hospitali, akakutwa na seli mundu. Lakini bibi hakurudi kuishi pale. Alishahamia kwa binti yake kwa hofu, shamba likalimwa na mtoto wa shemeji yake, na mpaka nahama kituo kile lilikuwa halijarudi. Nakueleza na mwisho huo kwasababu ukienda kwenye hizi kesi ukitegemea watu wakumbatiane utachoka mapema.

Na shamba ndilo linanileta kwa bibi yako. Uliza, kimoyomoyo usiulize kwa sauti, bibi akiondoka pale nani analima? Mjane peke yake, hana mtoto wa kiume karibu, ana eka zake, na kuna kijana wa ukoo ana njaa ya ardhi, hiyo picha nimekutana nayo mara nyingi mno, Sukumani huku, na kule Kilifi Kenya wazee wa mvi wanakutwa na mambo hayo hayo mpaka ikabidi wazee wa kaya za Wamijikenda wawe na sehemu ya kuwahifadhi, Kaya Godoma huko Ganze. Sisemi ndugu zako wote wanataka shamba. Kaka yako analia kwa ajili ya mtoto wake, ni kweli kabisa. Lakini kwenye kundi la watu 10 wanaolia anatosha mmoja mwenye hesabu zake, yeye ndio atakuwa wa kwanza kuchangia nauli ya kwenda kwa anayetaja. Ukimwona aliyechangia haraka kuliko baba wa mtoto, mkumbuke.

Macho mekundu, jamani. Miti imeisha huko kwetu, bibi amepika miaka 50 kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kikavu ndani ya jiko halina dirisha, moshi unamwingia macho yatakuwa ya rangi gani? Shirika la MAPERECE kule Magu walipokuwa wanawasaidia wazee wa namna hii, moja ya kazi walizofanya ilikuwa ni kujenga majiko yasiyo na moshi, na kuwasaidia wazee kwenye mambo ya ardhi na wosia. Wanajua tatizo linaanzia wapi.

Kwahiyo bibi unamfanyia hivi, na hili usilitangaze kwenye grupu la wasapu la ukoo. Mpigie umwambie kuna matibabu ya macho Mwanza unataka umlete, wiki mbili tatu. Sio uongo, mpeleke kweli kliniki ya macho, huenda ana mtoto wa jicho pia. Akiwa kwako hayupo njiani wakati familia inahangaika, na hajakimbia, kwasababu akikimbia watasema si mnaona. Kabla hajatoka, aache nyumba kwa mtu anayemwamini, na mwenyekiti wa kitongoji ajue kwamba anaenda kutibiwa na atarudi, na shamba ni lake. Afadhali iandikwe hata kwenye daftari la mtendaji wa kijiji.

Kama hawezi kutoka, asilale peke yake. Mjukuu mmoja wa kike kulala naye haitoshi, walale watu wazima wawili. Kuna dalili ambazo kwa uzoefu wangu sio za kusubiri, barua isiyo na jina imetupwa mlangoni, watoto wanaacha kutumwa kwake, mtu akimsalimia anaangaliwa, mbwa wake anakufa ghafla, vijana msiowajua wanauliza njia ya kwake. Huku wakata mapanga ni watu wa kukodiwa, na wanapeleleza kabla. Ikifika hapo ni polisi wilayani, sio kijijini peke yake maana kijijini wote ni ndugu, na ustawi wa jamii halmashauri. Barua iwekwe kwenye mfuko isishikwe shikwe. Na usiseme "nimekuja kushtaki uchawi", utaelekezwa kwingine, sema kuna tishio la kuua.

Kikao cha familia usikikwepe. Wewe ni shangazi wa mtoto, shangazi kwetu ana sauti ya kukemea bila kuonekana mkosa adabu, itumie, lakini usiseme wa kwanza. Mtafute baba mkubwa yeyote anayeogopwa, mweleze pembeni mapema, aseme yeye kwamba pesa iliyochangwa ianze na hospitali, kwa mganga tutakwenda baadaye kama hospitali imeshindwa. Usikatae kwa mganga, ahirisha. Watu wakishaahirisha mara ya kwanza kwa heshima ya mzee, mara ya pili inakuwa rahisi. Na mtu akianza kusema jina pale kikaoni mkatishe kabla hajamaliza, mwambie kaka, mtoto ndiye anaumwa, tuzungumze mtoto. Hata kama atanuna. Wasukuma tunanuna halafu tunakula.

Pesa ile waliyochanga, muulize kaka yako ni shilingi ngapi. Mara nyingi inazidi nauli ya watu watatu kutoka Maswa hadi Mwanza na kulala siku 2, na mtoto wa chini ya miaka 5 hospitali ya serikali kwa utaratibu hatakiwi kulipia matibabu, ingawa wewe ukiwa na akiba kidogo ya vipimo ni vizuri. Wakipita hospitali ya wilaya kwanza wachukue barua ya rufaa, na kadi ya kliniki ya mtoto wasiisahau. Kadi ya yule aliyefariki kama bado ipo waje nayo pia, dokta ataitaka.

Mpigie kaka leo usiku mtoto akianza kulia, sio asubuhi wakati amelala. Na bibi mpigie wewe mwenyewe, usimtume mtu.